Kugawa kwa picha au kwa shamba: njia za kuandaa picha za majani ya viazi kabla ya kufunza modeli

Anayetaka kufunza modeli itambue bakajani kwenye majani ya viazi mviringo hufanya kazi tatu kabla ya mafunzo yenyewe: huzigawa picha katika folda ya mafunzo na folda ya uthibitisho, huzipunguza ziwe na ukubwa mmoja, na husawazisha thamani za pikseli zake. Kila kazi ina njia zaidi ya moja, na ulinganisho huu unaziweka njia hizo bega kwa bega ili msomaji achague inayofaa picha alizonazo. Nitaanza na kugawa, ingawa miongozo mingi huanza na kupunguza, kwa sababu picha iliyopunguzwa vibaya huonekana kwa macho ilhali picha zilizogawanywa vibaya hutoa matokeo mazuri yanayopendeza kila mtu hadi siku modeli inapopelekwa shambani.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuna picha 1,200 zilizopigwa kwa simu katika mashamba 12 ya Umalila, Isyonje na Matamba, huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Katika kila shamba yalichaguliwa majani 25, na kila jani likapigwa picha nne: moja kutoka juu, mbili kutoka pembeni, na moja kwa karibu zaidi. Picha ziko katika makundi matatu. La kwanza ni majani yenye afya. La pili ni bakajani chelewa, ambayo mara nyingi huanza kwenye ncha au kingo za jani kama doa la kijani lililolowa maji, kisha hugeuka kahawia iliyokolea, na asubuhi yenye umande ukiligeuza jani utaona utando mweupe upande wa chini. La tatu ni bakajani tangulia, inayoacha madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, na ambayo huanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka.

Kugawa

Njia ya kwanza ni kuchanganya picha zote na kuchukua asilimia 80 kwa mafunzo na asilimia 20 kwa uthibitisho, bila kujali picha imetoka wapi. Ni njia ya haraka, inahitaji mstari mmoja wa msimbo, na ndiyo inayoonyeshwa karibu kila mahali. Njia ya pili ni kugawa kwa jani, yaani picha nne za jani moja zinakwenda pamoja katika folda moja. Njia ya tatu ni kugawa kwa shamba, ambapo picha zote 100 za shamba fulani ziko upande mmoja tu.

Kasoro ya njia ya kwanza inaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi. Chukua picha moja iliyoangukia folda ya uthibitisho. Ina ndugu watatu wa jani lilelile, na kila ndugu ana nafasi ya takriban 0.2 ya kuwa naye katika uthibitisho. Nafasi kwamba wote watatu wako huko pamoja naye ni 0.2 × 0.2 × 0.2, yaani 0.008. Kwa hiyo, kati ya picha 240 za uthibitisho, takriban 238 zina angalau ndugu mmoja ndani ya folda ya mafunzo. Modeli haitahitaji kujifunza bakajani ni nini. Itatosha ikumbuke jani lenye tundu la mdudu upande wa kushoto na bonge la udongo chini yake kwamba liliitwa "chelewa". Alama ya uthibitisho itapanda sana, na haitakuwa imethibitisha chochote.

Njia ya pili inaondoa tatizo hilo lakini inaacha lingine ambalo ni gumu zaidi kuliona. Majani 25 ya shamba moja yalipigwa picha siku moja, kwa simu moja, chini ya wingu lilelile, juu ya udongo wa rangi ileile, na mara nyingi ni ya aina moja ya mbegu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na bakajani chelewa hushamiri hasa kunapokuwa na ubaridi na unyevu. Matokeo yake ni kwamba picha nyingi za "chelewa" huwa zimepigwa kukiwa na mawingu na majani yakiwa na matone ya maji, huku picha nyingi za "tangulia" zikiwa na jua kali na vivuli vyeusi. Modeli yoyote yenye akili ya mkato itajifunza hali ya hewa badala ya ugonjwa, na kugawa kwa jani hakutaifichua, kwa kuwa hali hiyo ya hewa iko pande zote mbili za mgawo.

Kugawa kwa shamba ndiko kunakoifichua, kwa kuwa modeli hupimwa katika mashamba ambayo haijawahi kuyaona. Alama itakuwa ya chini kuliko ile ya njia ya kwanza, na tofauti kati ya alama hizo mbili ni habari muhimu yenyewe: ikiwa ni kubwa, modeli ilikuwa inakariri. Mimi huzigawa picha kwa njia zote mbili mara moja mwanzoni, nikaiandika tofauti hiyo, kisha nikaitupa njia ya kwanza.

Hata hivyo, njia ya tatu ina gharama zake, na asiyezijua ataumia. Mashamba 12 ni machache. Ukichukua matatu kwa uthibitisho, umepata picha 300, yaani robo, na inawezekana mashamba yote matatu yakawa hayana bakajani tangulia hata moja. Hapo huzuka hitilafu ambayo imewapotezea watu wengi siku nzima. `ImageFolder` ya torchvision, zana ya Python inayosoma picha kutoka kwenye folda, hutoa namba za makundi kwa kufuata alfabeti ya majina ya folda zilizopo. Katika mafunzo kuna `afya`, `chelewa` na `tangulia`, zenye namba 0, 1 na 2. Ikiwa folda ya uthibitisho ina `afya` na `tangulia` pekee, basi `tangulia` inakuwa namba 1, na kila picha yake inasahihishwa kana kwamba ni `chelewa`. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Utaona tu kundi moja limepata sifuri. Dawa yake ni kuchapisha `class_to_idx`, yaani orodha ya majina ya makundi na namba zake, ya folda zote mbili na kuhakikisha zinafanana.

Mwenye mashamba mengi, tuseme zaidi ya 40, anaweza kuiachia kompyuta ichague:

```python
from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit

gss = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.25, random_state=7)
funza, thibitisha = next(gss.split(picha, aina, groups=shamba))
```

Hapa `shamba` ni orodha inayotaja namba ya shamba la kila picha, na `test_size` inahesabu mashamba badala ya picha, kwa hiyo 0.25 ya mashamba 12 ni mashamba matatu. Kwa mashamba machache kama yetu, naona ni heri kuchagua kwa mkono. Chora jedwali lenye mistari 12, uandike idadi ya picha za kila kundi katika kila shamba, tarehe na hali ya hewa ya siku hiyo, kisha uteue mashamba matatu ambayo kwa pamoja yana makundi yote matatu na yana siku ya jua na siku ya mawingu. Hilo halina ubaya mradi uchague kabla ya kufunza. Ubaya ni kubadilisha mashamba baada ya kuona alama. Anayehofia kwamba mashamba matatu hayatoshi kusema lolote anaweza kutumia `StratifiedGroupKFold` na kurudia mafunzo mara nne, kila mara mashamba mengine yakiwa upande wa uthibitisho, akilipa kwa muda wa kompyuta.

Yote haya yanategemea kwamba namba ya shamba inajulikana. Iandike katika jina la faili siku ileile ya kupiga picha, kwa mfano `sh07_j12_3.jpg`, yaani shamba la 7, jani la 12, picha ya 3. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp na maafisa ugani hufika zikiwa na jina jipya, zimebanwa upya, na bila taarifa za tarehe zilizokuwa ndani ya faili, na picha moja inaweza kufika mara mbili kupitia makundi mawili. Nilipokea mzigo wa namna hiyo mwaka mmoja, na nilitumia jioni tatu kuzipanga kwa kutazama udongo na vidole vya aliyeshika jani. Picha ambayo shamba lake halijulikani kabisa iweke upande wa mafunzo ikiwa una uhakika haikutoka katika mashamba ya uthibitisho. Kama huna uhakika huo, iache nje.

Kupunguza ukubwa

Simu nyingi za sasa hutoa picha ya pikseli 4000 × 3000, na modeli nyingi zilizokwisha kufunzwa hupokea 224 × 224. Kuna njia tatu za kutoka mstatili hadi mraba.

| Njia | Kinachobaki kwenye picha | Kinachoharibika |
|---|---|---|
| Kunyoosha | Picha yote | Umbo: duara huwa yai, kwa uwiano wa 3 kwa 4 |
| Kukata katikati | Asilimia 57 hivi ya eneo | Kingo na ncha za jani |
| Kujaza pembeni | Picha yote, ikiwa 224 × 168 | Ukubwa: vipande viwili vya pikseli 28 havina kitu |

Asilimia 57 hiyo inatokana na utaratibu uliozoeleka wa kupunguza upande mfupi hadi 256, kisha kukata mraba wa 224 katikati. Upande mrefu unakuwa 341, kwa hiyo unabaki na 224 kati ya 341 kwa upana na 224 kati ya 256 kwa urefu. Utaratibu huu ulifaa kwa picha ambazo kitu chenyewe kiko katikati. Kwa bakajani chelewa ni chaguo baya, kwa kuwa ugonjwa huu huanza kingoni na nchani, mahali hasa panapotupwa. Jani lililoandikwa "chelewa" linabaki na sehemu yake ya kijani tu, na modeli inafundishwa kwamba kijani kizima ni ugonjwa.

Kunyoosha kunalaumiwa kupita kiasi. Ikiwa picha zote zimepigwa simu ikiwa imelazwa, duara zote za bakajani tangulia zitakuwa mayai ya namna moja, na modeli itayazoea. Shida inakuja pale baadhi ya picha zinapokuwa zimelazwa na nyingine zimesimama, kwa sababu mayai yanaelekea pande mbili tofauti. Kujaza pembeni ndilo chaguo langu kwa picha za mchanganyiko huo:

```python
from PIL import Image, ImageOps

im = ImageOps.exif_transpose(Image.open(njia)).convert("RGB")
im = ImageOps.pad(im, (224, 224), color=(124, 116, 104))

```

Sehemu ya `exif_transpose` haipaswi kuachwa. Simu nyingi huhifadhi pikseli zikiwa zimelala na kuweka alama ndani ya faili inayosema picha izungushwe, lakini `Image.open` peke yake haiifuati alama hiyo. Picha zilizopita WhatsApp hazina alama, kwa kuwa zimekwisha kuzungushwa. Ukiziweka pamoja bila kusahihisha, baadhi ya picha za wima zitalala na nyingine zitasimama. Rangi ya kujazia nitaieleza chini kidogo.

Jambo linalozidi umbo kwa uzito ni udogo wa doa. Doa changa lenye upana wa pikseli 60 katika picha ya 4000 linakuwa na pikseli 3.4 katika picha ya 224, na duara zilizo ndani yake, ambazo ndizo zinazotofautisha tangulia na chelewa, zinapotea kabisa. Kuna njia mbili za kulishughulikia. Ya kwanza ni kupunguza hadi 512 badala ya 224: doa linakuwa na pikseli 7.7, lakini idadi ya pikseli inaongezeka zaidi ya mara tano, na muda wa mafunzo unapanda karibu kwa kiasi hicho. Ya pili ni kukata kwanza mraba unaolizunguka jani, kisha kupunguza. Jani likichukua pikseli 2000 kati ya 4000, doa lilelile linabaki na pikseli 6.7 katika picha ya 224, yaani karibu faida ileile bila kuongeza kazi ya kompyuta. Kukata huku kunatofautiana na kule kwa katikati, kwa sababu mraba unafuata jani na kingo zake zote zinabaki ndani.

Kwa picha 1,200 ningechagua ya pili, kwa kuwa kuchora mraba kwa mkono kwenye picha 1,200 ni kazi ya siku chache. Lakini ina sharti: mkulima atakayetumia modeli naye lazima apige picha ambayo jani limejaa, ama kwa fremu inayoonyeshwa kwenye kioo cha simu, ama kwa hatua ya kukata ndani ya programu. Bila hivyo, umefunza kwa majani makubwa na utapima kwa majani madogo.

Swali la lini upunguze, mara moja kabla ya mafunzo au kila picha inaposomwa, linajibiwa na mfuko. Picha ya simu ina megabaiti kadhaa, na picha 1,200 hufikisha gigabaiti kadhaa. Anayefanyia mafunzo kwenye kompyuta ya kukodi ya mbali atamaliza bando kabla hajamaliza kupakia. Hifadhi picha za asili kwenye diski ya nje bila kuzigusa, kisha tengeneza nakala zenye upande mrefu wa 512 uzipakie hizo. Kushuka hadi 224 kufanyike wakati wa kusoma, ili ukibadili mawazo kuhusu ukubwa usirudie kupakia. Anayetumia OpenCV badala ya Pillow, yaani ile `PIL` ya msimbo wa juu, aweke `INTER_AREA` anapopunguza, kwa kuwa njia yake ya kawaida huruka pikseli nyingi katikati, na doa dogo linaweza kugeuka chembe za nukta.

Kusawazisha thamani

Pikseli huja na thamani kati ya 0 na 255. Njia nyepesi ni kugawanya kwa 255 ili zote ziwe kati ya 0 na 1, na hiyo inatosha kwa modeli ndogo unayoifunza kuanzia sifuri. Njia ya pili ni kuondoa wastani wa picha za ImageNet, hazina kubwa ya picha ambayo modeli nyingi hufunzwa kwayo kwanza, na kugawanya kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika: wastani ni 0.485, 0.456 na 0.406 kwa nyekundu, kijani na bluu, na mkengeuko ni 0.229, 0.224 na 0.225. Njia ya tatu ni kukokotoa wastani na mkengeuko wa picha zako mwenyewe.

Uchaguzi hapa hautokani na picha bali na modeli. Ukianza na modeli ya torchvision iliyofunzwa kwa ImageNet, tumia namba za ImageNet, hata kama picha zako za viazi ni za kijani kuliko wastani huo, kwa sababu tabaka za modeli hiyo zilizoea thamani za mpangilio huo. Namba zako mwenyewe zinafaa pale unapoanza kuanzia sifuri, na ni lazima zikokotolewe katika folda ya mafunzo pekee. Ndiyo maana kugawa kunatangulia: ukikokotoa wastani wa picha zote 1,200, mafunzo yamekwisha kuchungulia mashamba matatu ya uthibitisho. Kwa kweli madhara ya uvujaji huu ni madogo kuliko ule wa picha za jani moja, lakini kuuepuka hakugharimu chochote.

Wanaotumia Keras wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kila familia ya modeli ina desturi yake. `preprocess_input` ya MobileNetV2 hupeleka thamani kati ya −1 na 1, ilhali EfficientNet ya Keras ina hatua ya kusawazisha ndani yake na inataka 0 hadi 255. Ukigawanya kwa 255 kabla ya kuipa, picha zote zinaifikia zikiwa karibu nyeusi.

Sasa ile rangi ya kujazia. Pikseli nyeusi ikisawazishwa kwa namba za ImageNet inakuwa takriban −2.1 kwa nyekundu, thamani ya ukingoni kabisa, na modeli inaiona mistari miwili mizito juu na chini. Rangi ya 124, 116, 104 ni ule wastani wenyewe ukizidishwa kwa 255, kwa hiyo baada ya kusawazisha inakuwa karibu sifuri na haipigi kelele.

Usawazishaji usihifadhiwe kwenye faili. JPEG huhifadhi namba kamili kati ya 0 na 255, hivyo thamani hasi na desimali haziwezi kubaki humo; acha hatua hii ndani ya msimbo unaosoma picha, na uinakili vilevile katika programu ya simu. Kisha, kabla ya kuanza mafunzo, chapisha thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya fungu moja la picha zinazoingia kwenye modeli. Kwa namba za ImageNet unategemea kuona takriban −2.12 hadi 2.64. Ukiona kubwa kabisa ni karibu −1.79, umegawanya kwa 255 mara mbili, mara nyingi kwa sababu `ToTensor` ilikwisha kugawanya na wewe ukarudia. Mafunzo hayatasimama kwa kosa hilo, alama itapanda polepole tu, na unaweza kuilaumu hali ya picha wiki nzima.